Umejuaje? Kutenganisha kilichoonekana na kilichodhaniwa katika maelezo ya ajali kazini

Tuanze na maelezo yenyewe. Ni ya mfano, yametungwa kwa ajili ya makala haya, lakini yeyote aliyewahi kupitia faili la ajali la kiwanda au ghala ataitambua lugha yake:

"Majira ya saa nne asubuhi fundi umeme akiharakisha kubadilisha taa kabla ya chai alipanda ngazi bila kuchukua tahadhari. Kwa kuwa sakafu ilikuwa na utelezi, ngazi iliteleza akaanguka kutoka juu akavunjika mkono. Saidia fundi hakushika ngazi kwani alikuwa anachezea simu. Ngazi ilikuwa nzima. Fundi ameshaelekezwa mara nyingi kuhusu usalama. Chanzo cha ajali ni uzembe."

Yameandikwa na msimamizi wa zamu katika ghala la unga, jioni ya siku hiyohiyo. Hakukusudia kudanganya. Alifika eneo la tukio, alimsaidia majeruhi, aliuliza watu, kisha akaandika anachoamini. Shida ni kwamba katika sentensi hizo sita, alichokiona kwa macho yake ni kidogo mno, na msomaji hana njia ya kujua ni kipi. Alichoona, alichoambiwa, alichokisia na hukumu yake vyote vimesimama bega kwa bega katika sauti moja ya uhakika.

Sauti hiyo ina gharama. Nchini Kenya, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile inayofahamika kama WIBA, inasema mfanyakazi anaweza kukosa fidia iwapo ajali ilisababishwa na mwenendo wake mbaya wa makusudi, isipokuwa pale ambapo ajali imeleta kifo au ulemavu mkubwa. Uzembe wa kawaida si mwenendo mbaya wa makusudi. Lakini neno "uzembe" likishaandikwa na msimamizi kama jambo lililothibitika, mfanyakazi anaanza kujitetea dhidi ya karatasi. Kwa upande wa Tanzania, maelezo kama haya hupita mikononi mwa wakaguzi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na husomwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Hao hawakuwepo ghalani, na jicho walilo nalo ni la mwandishi tu.

Swali moja kwa kila kirai

Njia ya kuyapima maelezo haya ni kuyasoma kirai kwa kirai, si sentensi kwa sentensi, na kila kirai kukiuliza: umejuaje? Majibu yanayowezekana si mengi. Huenda mwandishi aliona, alisikia, alinusa au alipima mwenyewe. Huenda mtu fulani alimwambia. Huenda alikokotoa au aliunganisha kutokana na vitu vilivyopimwa. Huenda alijaza pengo kwa jambo linaloelekea kuwa kweli, na hiyo ndiyo dhana. Au huenda anatoa hukumu, yaani maoni, ambayo hata mashahidi kumi wenye macho mazuri wasingeweza "kuiona", kwa sababu haikuwa kitu cha kuonekana.

Kauli ya shahidi inahitaji uangalifu wa pekee. Saidia fundi akisema "fundi alikuwa kidato cha nane cha ngazi", ukweli ulionao ni kwamba alisema hivyo. Kama fundi kweli alikuwa kidato cha nane ni jambo lingine, ambalo huenda likathibitika baadaye au lisithibitike. Ndiyo maana kauli huandikwa pamoja na mwenye kauli, mahali alipokuwa amesimama na saa aliyoulizwa. Neno "inasemekana" halifai kabisa katika ripoti ya ajali, maana linamficha msemaji na bado linaacha tuhuma mezani.

Sasa turudi kwenye maelezo ya msimamizi.

"Akiharakisha" na "bila kuchukua tahadhari" ni mambo ya moyoni. Haraka haionekani, kinachoonekana ni mtu kukimbia, kuruka vidato viwili viwili, au kutamka maneno fulani. Msimamizi alipoulizwa amejuaje, ilibainika kwamba saidia fundi alimwambia: "Fundi alisema tumalize hii taa ya mwisho ndiyo twende chai." Kauli hiyo ina thamani, na iandikwe ilivyo. Yaweza kumaanisha haraka, yaweza pia kuwa mpangilio wa kawaida wa kazi. Anayeandika "akiharakisha" ameshachagua maana moja kwa niaba ya msomaji, na ameitupa kauli yenyewe.

"Majira ya saa nne" inaonekana haina madhara, lakini saa huleta mkanganyiko katika ripoti za ajali. Fomu nyingi zina nafasi ya saa ya kimataifa, na aliyezoea saa ya Kiswahili akiandika "4:00" mtu wa ofisini anaweza kuisoma alfajiri au jioni. Andika zote mbili: saa 4:12 asubuhi, yaani 10:12. Kisha sema saa hiyo imetoka wapi. Katika mfano wetu, simu ya msimamizi inaonyesha alipigiwa na saidia fundi 10:12. Huo ni ukweli uliorekodiwa. Saa ya kuanguka kwenyewe haikurekodiwa na mtu. Kinachoweza kuandikwa ni kwamba fundi alianguka kabla ya 10:12, na saidia fundi anakadiria zilipita dakika moja au mbili kabla hajapiga.

Utelezi ulioonekana saa isiyo yake

Kirai cha utelezi kinastahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu kinaonyesha jinsi mtu mkweli anavyoweza kuandika jambo lisilo sahihi.

Msimamizi aliona sakafu mbichi kwa macho yake, na angeweza kuapa. Lakini aliiona lini? Alifika mara ya kwanza saa 4:15, akapiga magoti kwa majeruhi, akasaidia kumpeleka kwenye gari. Hakukagua sakafu. Aliporudi saa 4:40 kupiga picha ndipo alipoona eneo lenye unyevu, kama mita moja kwa mita moja na nusu. Mfanya usafi, alipoulizwa, alisema kwamba majeruhi alipoondolewa tu yeye alipiga deki kufuta damu. Kwa hiyo unyevu aliouona msimamizi ulikuwepo kweli, ila hakuna ushahidi kwamba ulikuwepo wakati wa ajali.

Kila jambo lililoonekana lina saa yake ya kuonekana, na bila saa hiyo halijakamilika. "Sakafu ilikuwa na maji" ni nusu ya taarifa. "Saa 4:40 asubuhi, baada ya eneo kupigwa deki, sakafu ilikuwa na unyevu" ni taarifa kamili, na mara moja inaacha kuwa chanzo cha ajali. Ndiyo sababu picha za eneo la tukio hupigwa mara tu majeruhi anapokuwa salama, kabla ya deki, kabla ya kusimamisha ngazi, kabla ya kusogeza hata kiroba kimoja. Piga moja ya mbali inayoonyesha eneo lote, nyingine ya katikati inayoonyesha uhusiano wa vitu, kisha za karibu zenye tepu ya kupimia ndani ya picha. Iwapo kitu kilisogezwa ili kumwokoa mtu, andika kilisogezwa na nani na kutoka wapi.

Zaidi ya saa, kuna neno lenyewe. "Utelezi" si kitu kinachoonekana; ni hitimisho kuhusu mguu au raba inavyokutana na sakafu. Kinachoonekana ni maji, mafuta, unga uliotanda, au saruji iliyosuguliwa hadi kung'aa. Katika picha za saa 4:40, nje ya eneo lililopigwa deki, kuna tabaka jembamba la unga kwenye sakafu, na alama za viatu zinaonekana juu yake. Hilo liandikwe hivyohivyo. Iwapo unga huo ulipunguza mshiko wa ngazi ni swali la kuchunguzwa.

Lugha yetu inavyounganisha mambo kimyakimya

Kiswahili kina kiambishi kizuri cha kusimulia, -ka-. "Ngazi iliteleza akaanguka akavunjika mkono." Msikilizaji anaona mnyororo, kila pete ikivuta inayofuata. Katika hadithi ndio utamu wenyewe. Katika ripoti ya ajali -ka- inapitisha uhusiano wa sababu na matokeo bila mtu kuuhoji. Hakuna aliyeona kama ngazi iliteleza kwanza ndipo fundi akaanguka, au fundi alipoteza mizani kwanza na mwili wake ukaisukuma ngazi. Haya ni matukio mawili tofauti, na kinga zake ni tofauti. Pale ambapo mfuatano haukuonekana, vunja mnyororo: "Saidia fundi alisema alisikia mkwaruzo, akageuka, akamwona fundi tayari yuko sakafuni." Hapa -ka- imebaki salama, kwa sababu inafuata alichokiona na kukisikia msemaji mwenyewe, na si alichokisia mwandishi.

Ndugu zake -ka- ni "kwa kuwa", "kutokana na", "kwani", "hivyo" na "kwa sababu". Zoezi zuri la kusahihisha rasimu ni kuzungushia duara kila neno la aina hii. Kila duara ni dai la chanzo, na kila dai la chanzo linadai uthibitisho wake. Katika maelezo ya mfano kuna "kwa kuwa" moja na "kwani" moja, na zote mbili, kama tutakavyoona, zinaangusha maelezo.

Tofauti nyingine ni ya kauli za kitenzi. "Raba ya mguu wa ngazi iliondolewa" ina mtu ndani yake, hata kama hatajwi: kuna aliyeiondoa. "Raba ilitoka" haina mtu, lakini bado inadai tukio la kutoka. "Mguu wa kushoto wa ngazi hauna raba" ndiyo kauli inayolingana na macho. Vivyo hivyo kwa "ngazi ilisogezwa" na "ngazi ilisogea", au "mlango uliachwa wazi" na "mlango ulikuwa wazi". Wengi huteleza hapa bila kujua, kwa sababu kauli ya kutendwa husikika kuwa rasmi zaidi, na watu hudhani ripoti inataka urasmi huo.

Kuhusu "akavunjika mkono": katika mazungumzo ya kila siku tunasema mtu amevunjika tunapoona uvimbe na maumivu makali. Lakini kuvunjika kwa mfupa huthibitishwa na daktari, mara nyingi kwa eksirei. Mtoa huduma ya kwanza aliona mkono wa kulia umevimba juu ya kifundo, fundi hakuweza kugeuza kiganja, na alikuwa na mchubuko unaotoka damu kwenye kiwiko. Hivyo ndivyo vya kuandika siku ya kwanza. Jina la jeraha litakuja kutoka hospitali, na litaingia likiwa na tarehe na chanzo chake.

Simu, ngazi nzima, na mambo ambayo hayakuwepo

"Alikuwa anachezea simu" ni kirai kinachoweza kumfukuzisha mtu kazi. Kilitoka kwa mlinzi wa getini, ambaye msimamizi alimhoji akiwa amesimama na wengine. Alipoulizwa peke yake, kwa swali la wazi la "ulikuwa wapi, na kitu cha kwanza ulichokiona ni kipi?", mlinzi alisema alikuwa nje ya mlango wa ghala, kama mita 20, alisikia kishindo, akakimbia ndani, na alimkuta saidia fundi ameshika simu. Yaani aliiona simu baada ya kuanguka. Na tunajua saa 4:12 simu hiyo ilikuwa ikimpigia msimamizi kuomba msaada.

Hatusemi kwamba saidia fundi hakuwa kwenye simu kabla ya hapo. Hatujui, na ripoti iseme hivyo. Yeye mwenyewe alisema alikuwa anachukua taa mpya kwenye boksi lililokuwa juu ya paleti, hatua kama nne kutoka kwenye ngazi. Kauli hiyo nayo inaandikwa kama kauli. Mashahidi wawili wakipingana, andika zote mbili kikamilifu. Usitafute katikati yao, maana katikati ni kauli ya tatu ambayo hakuna aliyeitoa.

Wahoji mmojammoja, kabla hawajakaa pamoja kusimuliana. Usiulize "hakushika ngazi, siyo?" kwa sababu jibu umeshalitia mdomoni mwake. Na majeruhi ahojiwe hali yake ikiruhusu. Akiwa na maumivu au amepewa dawa kali, andika hivyo na umhoji tena baadaye, bila kufuta alichosema mwanzo.

"Ngazi ilikuwa nzima" ni kauli ya kukana iliyovaa nguo za kauli ya kukubali. Inamaanisha haikuwa na kasoro yoyote, na hilo hawezi kulisema ila aliyeikagua kidato kwa kidato. Msimamizi aliitazama ikiwa imelala chini, akaona haijakatika. Kauli yake sahihi ni "sikuona mahali palipokatika au kupinda." Ukaguzi ulipofanyika alasiri, ilionekana kwamba mguu wa kulia una raba na mguu wa kushoto hauna, alumini imegusa sakafu moja kwa moja. Kauli zote za kukana zina hatari hii. "Hakuna aliyeona" igeuzwe kuwa "watu watatu walioulizwa walisema hawakuona." "Hakuvaa kofia" igeuzwe kuwa "saa 4:15 hakuwa na kofia kichwani, na kofia haikuonekana karibu naye", kwa sababu kofia inaweza kuruka, kuokotwa au kuwekwa kando na aliyekuwa akimsaidia.

"Ameshaelekezwa mara nyingi" ni tofauti kidogo: hili linaweza kuwa ukweli, ila ni ukweli wa kwenye daftari, si wa kwenye kumbukumbu ya msimamizi. Fungua rejista ya mafunzo. Katika mfano huu kuna sahihi ya fundi mara moja, katika mafunzo ya kuzima moto. Ngazi haimo.

Pale ambapo hitimisho linaruhusiwa

Huenda msomaji ameanza kuogopa kuandika chochote zaidi ya "mtu alikutwa chini". Ripoti iliyokamuliwa hivyo haina faida. Hitimisho halikatazwi, linalokatazwa ni hitimisho lisiloonyesha nguzo zake. Tuone linavyojengwa kihalali.

Ukuta wa ghala umepakwa chokaa, na alumini huacha michirizi ya kijivu kwenye chokaa. Katika picha kuna michirizi miwili inayoanzia mita 3.7 kutoka sakafuni na kushuka hadi kama mita 2.7. Sakafuni kuna alama mbili zinazoanzia mita 1.5 kutoka ukutani na kwenda mbele mita 1.4: upande mmoja ni mstari mwembamba wa kijivu, upande wa pili ni utepe mpana mweusi. Ngazi imepimwa, ina urefu wa mita 4. Hadi hapa vyote ni vipimo, na mtu mwingine akienda na tepu atapata vilevile.

Sasa hesabu. Ngazi ya mita 4 ikiwa imeegemea ukuta kwenye mita 3.7, mguu wake unakuwa mita 1.52 kutoka ukutani. Hii inakubaliana na mahali alama za sakafuni zinapoanzia. Kwa hiyo tunaweza kuhitimisha, tukitaja nguzo zote, kwamba kabla ya kuteleza mguu wa ngazi ulikuwa kama mita 1.5 kutoka ukutani, na kwamba miguu ilikimbia kuelekea nje. Kanuni inayotumika kwa ngazi za kuegemea ni moja kwa nne: kwa kila mita nne za kimo, mguu ukae mita moja kutoka ukutani. Kwa kimo cha mita 3.7 ingekuwa sentimita 93 hivi. Ngazi ilikuwa imelala kuliko inavyotakiwa, na ngazi iliyolala husukuma miguu yake nje kwa nguvu zaidi.

Hapa ndipo wengi huruka na kuandika: "fundi aliweka ngazi vibaya." Simama kidogo. Chini ya taa ile, kando ya ukuta, palikuwa na paleti ya viroba iliyotokeza mita 1.2 kutoka ukutani, kimo chake sentimita 60. Ukikokotoa kwa vipimo hivyohivyo, ngazi ya mita 4 haiwezi kusogea karibu zaidi ya kama mita 1.4 bila kugonga kona ya viroba. Maana yake, paleti ikiwa pale, hakuna mtu ambaye angeweza kuiweka ngazi ile kwa kanuni ya moja kwa nne. Kilichoonekana mwanzo kuwa kosa la mtu kimegeuka kuwa swali la mpangilio wa ghala: nani aliamua paleti zikae chini ya taa, na nani alikuwa na uwezo wa kuagiza ziondolewe kabla ya kazi? Hata hapa kuna nguzo moja ya kuhakiki. Picha ni ya saa 4:40. Je, paleti ilikuwa pale kabla ya saa 4:12? Daftari la mpokea mzigo linaonyesha iliingia jana yake, na saidia fundi alisema hakuna aliyeigusa asubuhi hiyo. Andika vyote viwili, kila kimoja na chanzo chake.

Kimo cha kuanguka kinajengwa namna hiyohiyo. Saidia fundi alisema mara ya mwisho alipomtazama, fundi alikuwa kidato cha nane. Umbali kati ya vidato umepimwa, sentimita 28. Vidato vinane ni mita 2.24 kando ya ngazi, na kwa mwinamo ule ni kama mita 2.1 kwenda juu. Ripoti iseme: "Kwa kauli ya saidia fundi na vipimo vya ngazi, miguu ya fundi inakadiriwa kuwa kama mita 2.1 juu ya sakafu." "Kutoka juu" ya msimamizi haimsaidii daktari wala mkaguzi.

Maelezo yaliyoandikwa upya

"Tarehe 14, saa 4:12 asubuhi (10:12, kwa kumbukumbu ya simu), saidia fundi alinipigia kunijulisha kuwa fundi umeme ameanguka. Nilifika saa 4:15. Fundi alikuwa amelala ubavu wa kulia, ana fahamu, mkono wa kulia umevimba juu ya kifundo, kiwiko kinatoka damu. Ngazi ya alumini ilikuwa imelala sakafuni. Alipelekwa hospitali saa 4:25. Eneo lilipigwa deki kabla sijalipiga picha saa 4:40.

Saidia fundi alisema: alikuwa anachukua taa kwenye boksi hatua kama nne kutoka kwenye ngazi, alisikia mkwaruzo, akageuka, akamwona fundi yuko sakafuni. Mlinzi alisema alikuwa nje, alisikia kishindo, hakuona kuanguka. Hakuna kati ya wawili hawa aliyeona mwanzo wa tukio. Fundi bado hajahojiwa.

Vipimo vya alama za ukutani na sakafuni, ngazi na paleti vimeambatishwa pamoja na picha. Mguu wa kushoto wa ngazi hauna raba. Kutokana na vipimo, mguu wa ngazi ulikuwa kama mita 1.5 kutoka ukutani kabla ya kuteleza."

Ni marefu kidogo, na hayana hata kivumishi kimoja cha kumsifu au kumlaumu mtu. Angalia pia kwamba simu haikutajwa kwa saidia fundi ila kwa kazi iliyofanya. Uteuzi wa mambo ya kutaja nao ni maoni yaliyojificha. Mtu anaweza kuandika ukweli mtupu, "saidia fundi alikuwa na simu mkononi", akaacha ukweli mwingine, "mguu wa ngazi hauna raba", na ripoti ikasema uongo bila neno moja la uongo. Kwa hiyo baada ya kuhakiki kila kirai, soma picha na daftari lako tena na uulize ni kitu gani kilichopimwa au kusemwa ambacho hakimo, na kwa nini.

Dhana zenyewe zisitupwe. Zina mahali pake, nje ya simulizi, katika sehemu ya mambo ya kuchunguzwa, kila moja na njia ya kuipima. Dhana ya raba: linganisha alama mbili za sakafuni, ule mstari mwembamba upande usio na raba na ule utepe mweusi upande wenye raba, kisha tafuta kwenye rejista ya vifaa lini ngazi ilikaguliwa mara ya mwisho. Dhana ya unga: muulize mfanya usafi sehemu ile ilifagiliwa lini kabla ya siku hiyo. Dhana ya fundi kupoteza mizani kwanza: hiyo inamsubiri yeye mwenyewe.

Na majibu yakija, simulizi ya siku ya kwanza haifutwi. Kenya ajali iliyoleta kifo hutakiwa kuarifiwa ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ndani ya siku saba, hivyo karatasi nyingi hutoka kabla mambo yote hayajajulikana. Unaongeza chini yake, kwa tarehe na sahihi: "Tarehe 17. Nimepokea fomu ya hospitali: mfupa mmoja wa mkono wa kulia umevunjika. Fundi amehojiwa nyumbani kwake saa 10 jioni (16:00). Alisema alikuwa ameshika taa kwa mikono miwili, alihisi ngazi ikiondoka upande wa kushoto. Alisema pia kwamba wiki iliyopita aliomba raba ya mguu huo. Ombi hilo bado sijaliona kwa maandishi. Nimeomba daftari la stoo."